Kifaa kimoja cha zamani kinapokwamisha waifai nzima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Vifaa vyangu vyote ni vipya isipokuwa kimoja. Inakuwaje hicho kimoja kiwacheleweshe wengine wote?

Kwa sababu chaneli ya waifai ni moja, na wote waliopo wanaitumia kwa zamu. Redio mbili zikirusha kwa pamoja kwenye chaneli moja zinavurugana na hakuna anayesikika. Ndiyo maana kila kifaa husikiliza kwanza. Kikikuta kimya, kinasubiri kitambo kidogo cha kubahatisha, kisha kinarusha pakiti yake, yaani kifurushi kimoja kidogo cha data. Mwingine akitangulia, kinanyamaza mpaka amalize.

Utaratibu huo ni wa haki kwa namna moja tu: unagawa zamu. Kila chenye kitu cha kutuma kina nafasi karibu sawa ya kushinda zamu inayofuata. Haugawi muda. Hakuna anayeuliza zamu hiyo itachukua muda gani.

Fikiria bomba moja la maji na watu watano kwenye foleni. Kanuni ni kwamba kila mtu anajaza dumu moja, kisha anarudi nyuma ya foleni. Madumu yote yana ujazo sawa, lakini la mmoja wao mdomo wake ni mwembamba kama sindano. Wanne wanajaza kwa nusu dakika kila mmoja, wa tano anachukua nusu saa. Hakuna aliyevunja kanuni wala aliyeruka foleni, lakini siku ikiisha wote watano wamechota madumu sawa, nayo ni machache mno.

Neno utakalolikuta mara nyingi hapa chini ni muda wa hewani. Si salio la simu. Ni sehemu ya kila sekunde ambayo kifaa fulani kinaishika chaneli. Hiyo ndiyo mali inayogawanywa kwenye waifai, na ukiitazama hiyo badala ya megabiti, mengi yanayoonekana kama miujiza yanaeleweka.

Kwa hesabu, hasara ni kubwa kiasi gani?

Pakiti kamili ina baiti 1,500, yaani biti 12,000. Kifaa kinachozungumza kwa megabiti 54 kwa sekunde kinaimaliza kwa milisekunde 0.22 hivi. Kinachozungumza kwa megabiti 1 kwa sekunde kinahitaji milisekunde 12 kwa pakiti ileile.

Chukua vifaa vinne vya megabiti 54, vyote vinatuma bila kupumzika. Vikiwa peke yao, kila kimoja kinapata robo, yaani megabiti 13.5. Sasa ongeza cha tano, cha megabiti 1. Mzunguko mmoja wa zamu unakuwa na pakiti nne za milisekunde 0.22 na moja ya milisekunde 12, jumla karibu 12.9. Ndani ya mzunguko huo kila kifaa kimetuma pakiti moja tu, kwa hiyo kila kimoja, hata vile vya kasi, kinapata takriban megabiti 0.93 kwa sekunde. Kutoka 13.5 hadi chini ya 1. Kifaa cha zamani chenyewe kimeshika asilimia 93 ya muda wa hewani.

Kama tungegawa muda badala ya zamu, kila mmoja angepata sehemu ya tano ya sekunde: wale wa kasi megabiti 10.8, wa polepole 0.2. Ona alichopoteza yule wa polepole, na walichookoa wanne.

Hesabu hii nimeirahisisha. Nimeacha muda wa kusubiri, utangulizi wa kila pakiti na jibu la kuthibitisha kupokea, ndiyo maana katika matumizi megabiti 54 hushuka hadi karibu nusu yake. Pia vifaa vya kuanzia 802.11n, kimojawapo cha viwango vya waifai, vinaweza kufunga pakiti nyingi pamoja na kuzituma kwa zamu moja, kwa hiyo navyo hushika chaneli muda wa kutosha kila vinapopata zamu, na pigo linakuwa dogo kuliko hili. Lakini sura ya tatizo haibadiliki. Watafiti wa Grenoble, Ufaransa, walilichambua mwaka 2003 kwenye 802.11b: palipo na kifaa cha megabiti 1, vile vya megabiti 11 vilishuka karibu na kiwango chake.

Basi kila kifaa cha zamani ni mzigo?

Hapana, na hapa watu wengi huondoa kifaa kisicho na hatia. Mzigo unatokana na mambo mawili yanayozidishana: kifaa kinazungumza kwa kasi gani, na kina mengi kiasi gani ya kusema. Printa ya zamani inayochapa kurasa tatu kwa siku haimwumizi mtu, hata kama kasi yake ni ya aibu. Kipima joto kinachotuma namba chache kila dakika kinatumia muda wa hewani usiofaa hata kutajwa.

Upande wa pili, simu mpya kabisa iliyo mbali na ruta, nyuma ya kuta tatu, inaweza kufanya uharibifu uleule. Waifai hushusha kasi mawimbi yanapodhoofika, ili pakiti zifike. Simu hiyo ikishuka hadi megabiti 6 huku inapakia video, kwa majirani zake kwenye chaneli haina tofauti na mashine ya kale. Kwa hiyo swali sahihi ni kifaa hiki kinazungumza kwa kasi gani sasa hivi, pale kilipo. Mwaka kiliponunuliwa unakupa dokezo tu.

Kuna hali moja ambapo uwepo tu wa kifaa unagharimu: vifaa vya 802.11b, kiwango cha mwaka 1999. Hivi havielewi namna ya urushaji iliyokuja na 802.11g mwaka 2003, vinaisikia kama kelele. Kifaa cha namna hiyo kikijiunga, ruta inawaambia wengine wote watangulize tangazo fupi kwa kasi ya zamani kabla ya kurusha, ili mzee ajue kwamba chaneli imeshikwa. Tangazo hilo linakula muda kwenye kila zamu, hata mzee asiposema kitu.

Nitajuaje kwamba tatizo ni waifai yangu na si mtoa huduma wa intaneti?

Pima safari fupi, kati ya kompyuta yako na ruta tu. Safari hiyo haigusi intaneti hata kidogo. Angalia anwani ya ruta yako (mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1), kaa karibu nayo, kisha andika kwenye dirisha la amri:

```
ping 192.168.1.1
```

Ukiwa karibu na ruta na hewa ikiwa tulivu, majibu huwa ya milisekunde chache. Ukiona yanaruka 4, 150, 9, 210, 87, chaneli imejaa na pakiti zako zinangoja zamu. Halafu rudia kwa kompyuta iliyounganishwa kwa kebo. Kwa kebo ikiwa sawa na kwa waifai ikiwa mbaya, mpe mtoa huduma pumziko, ugonjwa uko hewani.

Kumbuka kwamba chaneli inaweza kujazwa pia na waifai za majirani au vifaa vingine vya gigahezi 2.4. Kipimo hiki kinakuambia hewa imejaa, hakikuambii nani ameijaza.

Na mhusika nitamjuaje?

Njia ya kila mtu: acha `ping` iendelee, na kwenye Windows iandike `ping -t 192.168.1.1` ili isisimame, kisha zima waifai ya kifaa kimoja kimoja, ukisubiri nusu dakika kila mara. Majibu yakitulia ghafla, umempata. Fanya hivyo wakati tatizo lipo. Ukipima saa ambayo kila kitu ni shwari, utamwachia huru.

Ruta nyingi pia zina ukurasa wa vifaa vilivyounganishwa, ukionyesha kasi ya kiungo na nguvu ya mawimbi. Tafuta kasi ndogo ikiambatana na kiasi kikubwa cha data. Yote mawili, si moja.

Kama ruta yako inatumia OpenWrt au Linux nyingine unayoweza kuingia, una macho mazuri zaidi (jina `wlan0` linaweza kuwa tofauti kwako):

```
iw dev wlan0 station dump
iw dev wlan0 survey dump
```

Amri ya kwanza inaorodhesha kila kifaa. Soma `signal`, `tx bitrate`, `rx bitrate` na `tx retries`. Angalia usichanganye pande: hapa msemaji ni ruta, kwa hiyo `rx bitrate` ni kasi ambayo kifaa kinatumia kuituma data kwenye ruta. Mtu aliyesoma `tx bitrate` peke yake anaweza kumkosa kabisa mhusika anayepakia.

Amri ya pili inaonyesha `channel active time` na `channel busy time`. Namba hizo zinaongezeka daima, hivyo zichukue mara mbili kwa kuachana dakika moja, utoe ya kwanza kwenye ya pili. Uwiano wa zile tofauti mbili ndio ujazo wa chaneli.

Nipe mfano mmoja mwanzo hadi mwisho.

Niliitwa kuangalia nyumba moja ambayo waifai yake ilikuwa, kwa maneno ya wenyewe, inakufa bila sababu. Walikuwa wameshabadilisha kifurushi cha intaneti kwenda cha juu zaidi, wasipate nafuu. Ruta ilikuwa sebuleni. Getini kulikuwa na kamera ya zamani ya 802.11g, ikituma picha mfululizo kwenye kinasa kilichopo ndani.

`ping` ya kwenda kwenye ruta ilikuwa ikifika milisekunde 180. Kamera kwenye orodha ilisomeka hivi, nikiacha mistari isiyohusika:

```
signal:      -84 dBm
rx bitrate:  2.0 MBit/s
```

Kiwango chake kinafika megabiti 54, lakini kwa mawimbi dhaifu kiasi hicho ilikuwa imejishusha hadi 2. Kwenye mipangilio yake, picha zilitumwa kwa megabiti 1 kwa sekunde. Mwenye nyumba aliniambia megabiti moja ni kitu gani kwenye intaneti ya megabiti 50? Swali zuri, na jibu lake ndilo kiini cha mambo yote haya. Megabiti 1 kwa sekunde ni pakiti 83 hivi. Kwa kasi ya megabiti 2, kila pakiti inachukua milisekunde 6, na ukiongeza kusubiri, utangulizi na jibu, karibu 6.8. Mara 83, hizo ni milisekunde 560 na ushei katika kila sekunde. Mawimbi yakiwa dhaifu, baadhi ya pakiti hurudiwa. Tukikadiria moja kati ya nne, tunafika milisekunde 700. Kamera moja ilikuwa imeshika asilimia 70 ya hewa ya nyumba nzima, mchana na usiku.

Kipimo kilikubaliana na hesabu. Wakati hakuna anayetazama chochote, chaneli ilikuwa na shughuli milisekunde 46,000 kati ya 60,000. Nikachomoa kamera: 3,000.

Tiba haikuja kwa jaribio la kwanza. Niliwasha mgawanyo wa muda wa hewani kwenye ruta, nafuu ikawa ndogo sana, na sababu yake nimeieleza kwenye swali linalofuata. Nikafuta kasi za chini kwenye ruta, kamera ikawa inakatika na kuunganika tena kila mara, kwa sababu kwa mawimbi yale haikuweza kuzungumza kwa kasi zaidi. Nikazirudisha. Nikashusha ubora wa picha hadi kilobiti 400 kwa sekunde, na hapo nyumba ikapumua: muda wa hewani wa kamera unashuka kwa uwiano uleule, hadi milisekunde 280 hivi. Mwishowe tulivuta kebo hadi getini, kwani kamera ilikuwa na tundu la kebo tangu siku ya kwanza. `ping` ikatulia kwenye milisekunde 4, na picha zikarudishwa kwenye ubora wake wa awali.

Ruta yangu ina sehemu iliyoandikwa `Airtime Fairness`. Si ndiyo dawa?

Ni dawa ya nusu ya ugonjwa. Ruta ikiwashwa hivyo, inahesabu muda ambao kila kifaa kimetumia na kuchelewesha pakiti za kile kilichozidisha. Kwenye Linux uwezo huu uliingia kupitia kazi iliyoanza na ath9k, programu inayoendesha redio za Atheros, na leo programu kadhaa za aina hiyo zinao.

Tatizo ni kwamba ruta inatawala kile inachokituma yenyewe. Laptopu ya zamani ikipakua filamu, ruta ndiyo msemaji, na inaweza kuipunguzia zamu. Kamera inapotuma picha kuelekea ruta, msemaji ni kamera, na inapigania zamu yake kwa kanuni ileile ya kale. Ruta haina njia ya kuinyamazisha. Kwa hiyo iwashe kama mzigo wako ni wa kupakua, na usiitegemee kama ni wa kupakia.

Inaweza pia kuwatesa wanyonge. Kifaa cha polepole kitabaki na kipande kidogo, kama ile 0.2 kwenye hesabu ya juu, na kuna vifaa ambavyo kwa kasi hiyo hukatika. Ukiona kifaa cha zamani kimeanza kupotea baada ya kuiwasha, hapo ndipo pa kuanzia.

Je, nizime kasi za zamani kabisa?

Kama huna kifaa cha 802.11b, zima kasi za megabiti 1, 2, 5.5 na 11 bila wasiwasi mkubwa. Kwenye ruta za kawaida, chaguo huwa ni kubadili `b/g/n mixed` kuwa `g/n`, au `n only` kama huna hata cha 802.11g. Kwenye OpenWrt, kwa redio ya gigahezi 2.4, ikiwa ndiyo `radio0` kwako:

```
uci set wireless.radio0.legacy_rates='0'
uci commit wireless
wifi reload
```

Unapata faida ya ziada: matangazo ya jina la mtandao, ambayo ruta huyarusha karibu mara kumi kwa sekunde kwa kasi ya chini kabisa iliyokubaliwa, yanakuwa mafupi.

Lakini elewa unachokifanya. Kifaa kilicho mbali hakitapata nguvu kwa sababu umekikataza kuzungumza taratibu. Ama kitatafuta ruta nyingine iliyo karibu, ama kitakatika. Palipo na ruta kadhaa zilizopangwa vizuri, hilo ndilo unalolitaka. Palipo na ruta moja na kamera getini, umeona lililotokea.

Nikikiweka kwenye mtandao wa wageni, wenye jina tofauti?

Hakuna kitakachobadilika. Majina mawili kwenye redio moja yanatumia chaneli ileile na foleni ileile.

Kinachosaidia ni redio tofauti. Ruta nyingi zina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya 5, na kila moja ina hewa yake. Waache wazee kwenye 2.4, wahamishie wengine kwenye 5. Kwa nyumba nyingi hii ndiyo hatua rahisi kuliko zote, na mimi huianza kabla ya kugusa kitu kingine. Kwenye 5 hakuna 802.11b, na kasi ya chini kabisa ni megabiti 6. Ubaya ni kwamba mawimbi ya gigahezi 5 hupenya kuta kwa shida zaidi, hivyo walio mbali wanaweza kurudi wenyewe kwenye 2.4.

Nikikiwekea kikomo cha kasi?

Inasaidia, mradi kikomo kiwe kwenye chanzo, kama tulivyofanya na kamera. Kikomo kwenye ruta kwa data inayopanda ni dhaifu zaidi, kwa sababu pakiti inafika kwenye kikomo ikiwa imeshatumia hewa. Programu nyingi hupunguza mwendo zinapoona pakiti zao zinatupwa, lakini si zote.

Na kifaa cha kurudia mawimbi?

Kikiwa kwenye chaneli ileile ya ruta, kila pakiti inapita hewani mara mbili. Bado unaweza kupata nafuu, kwa sababu safari mbili za megabiti 24 ni fupi kuliko moja ya megabiti 2. Ruta ya pili iliyofungwa kwa kebo, kwenye chaneli nyingine, ni bora zaidi kwa mbali.

Nikinunua ruta ya 802.11ax, tatizo litaisha?

Si kwa kununua tu. Katika 802.11ax ruta inaweza kuvipangia vifaa zamu za kutuma, jambo ambalo kwa kanuni ya kale haikuliweza. Lakini linavihusu vifaa vya 802.11ax pekee. Kamera ya 802.11g haielewi mpangilio huo, na itaendelea kusikiliza, kusubiri na kurusha kwa megabiti 2 kama ilivyozoea. Ukiinunua ruta mpya, iwe kwa sababu nyingine, na fedha ya kebo iwe pembeni.